Picha 11 za Rauta ya Gesti: Lipi Libadilishwe Kwanza

Shangazi yangu anaendesha gesti ya vyumba 7 mjini Tanga. Jumatano moja jioni alinitumia kwa WhatsApp picha 11 za skrini, zote za kurasa za mipangilio ya rauta yake, pamoja na ujumbe: "Mwanangu, kuna mgeni kalalamika. Akifungua benki yake kwa waifai yetu simu inamwambia ukurasa si salama. Akirudi kwenye bando lake, shwari. Hebu niangalizie, kisha uniandikie la kufanya. Usinifundishe, niandikie tu."

Alitaka karatasi atakayoibandika mapokezi na kuipiga alama ya vema mstari kwa mstari, yeye au kijana wake wa zamu. Karatasi ya namna hiyo huonekana nyepesi kuandika. Unafungua picha ya kwanza, unaona kitu kimeachwa wazi, unaandika "funga". Unafungua ya pili, unaandika tena. Mwisho una mistari 20 iliyofuata mpangilio wa menyu ya rauta. Menyu hiyo mtengenezaji aliipanga kwa urahisi wa kutafuta vitu, na hatari haikuwa kipimo chake. Kwa orodha hiyo shangazi angeanza na waifai, kwa kuwa ndiyo iliyo juu kwenye menyu, na angeweza kuchoka kabla hajafika pale mlango wa nyuma ulipokuwa wazi.

Mimi hupanga kwa swali moja: kitu hiki anaweza kukifikia nani? Kuna mambo yanayofikiwa na mtu yeyote duniani mwenye intaneti. Kuna yanayofikiwa na aliye karibu tu, jirani wa ukuta wa pili au aliyeegesha gari nje. Na kuna yanayomhitaji mtu ambaye tayari yumo ndani ya mtandao. Kundi la kwanza ndilo baya zaidi kwa sababu hakuna anayekaa kulenga gesti ya Tanga. Programu zinapiga hodi kwenye kila anwani ya intaneti usiku na mchana, na yoyote itakayoitika inaingia kwenye hesabu. Mirai ya mwaka 2016 ilikusanya kamera na rauta kwa njia hiyo hasa. Ilikuwa na orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani, jozi 60 na kitu, ikawa inayajaribu kila ilipofunguliwa.

Ndiyo maana picha ya kwanza ninayoitafuta ni ya ukurasa wa `Status`, hata kama imetumwa ya mwisho. Humo kuna anwani ya upande wa nje, chini ya neno `WAN`. Ikianza na 10, au 192.168, au ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, basi rauta haina anwani yake yenyewe mbele ya dunia. Imejificha nyuma ya kifaa kikubwa cha kampuni ya intaneti, ikigawana anwani moja na wateja wengine wengi. Laini za simu huwa hivyo mara nyingi, na Starlink ya nyumbani kwa kawaida pia. Rauta ya namna hiyo ikiwa na mlango wazi upande wa nje, bado ni kosa, lakini wapiga hodi wa dunia hawaufikii. Mstari wake unaweza kushuka nafasi moja au mbili.

Ya shangazi haikuwa hivyo. Ilikuwa na anwani kamili ya hadharani. Hapa nitaiandika 203.0.113.27, ambayo ni anwani ya mifano tu, maana sioni sababu ya kutangaza ya kwake. Picha ileile ilionyesha pia `Build 150518`. Tarakimu hizo ni tarehe: mwaka 2015, mwezi wa 5, siku ya 18. Programu ya ndani ya rauta ilikuwa haijaguswa tangu wakati huo.

Ukishajua kwamba nyumba iko barabarani, kurasa nyingine zinasomeka kwa jicho tofauti. Picha ya 7 ilikuwa ya `Remote Management`, yaani ruhusa ya kuiongoza rauta ukiwa nje ya nyumba. Hakukuwa na neno "imewashwa" wala "imezimwa", ila visanduku viwili: mlango namba 80, na anwani `255.255.255.255`. Hapa ndipo wasomaji wengi wa picha hukosea. Katika ukurasa wa namna hii, ulioko kwenye rauta nyingi za zamani za TP-Link, `0.0.0.0` maana yake hakuna mtu wa nje anayeruhusiwa, na `255.255.255.255` maana yake wote wanaruhusiwa. Kwingineko kwenye mitandao `0.0.0.0` mara nyingi humaanisha "popote". Nimewahi kuona fundi akibadilisha sifuri zile kuwa 255 akiamini kwamba anafunga. Sijui kama hilo ndilo lililotokea Tanga, ila rauta ilikuwa inaonyesha ukurasa wake wa kuingilia kwa dunia nzima.

Je, ukurasa huo ulilindwa na nenosiri gani? Hilo halimo kwenye picha yoyote, wala haliwezi kuwemo. Ukurasa wa nenosiri huonyesha visanduku vitupu, na hata penye kitu huonyesha vidoti. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi. Ukitaka kuingia kwenye rauta unaandika nini?"

"Marahaba. Naandika admin, halafu admin tena. Si ndivyo zilivyo zote?"

Jibu hilo peke yake linatosha kushika mstari wa kwanza wa orodha, hata kwa mtu ambaye rauta yake imejificha nyuma ya kampuni na `Remote Management` imefungwa. Mgeni yeyote wa gesti aliyepewa nenosiri la waifai anaweza kuandika 192.168.1.1 kwenye simu yake na kuingia. Na kuna njia ambayo wengi hawaifikirii: ukurasa wa wavuti wenye nia mbaya unaweza kumtumia mgeni bila yeye kujua. Simu yake inaufungua ukurasa huo, ukurasa unaiagiza simu ipeleke amri kwa 192.168.1.1 kwa jina admin na nenosiri admin, na rauta ya zamani inatii kwa sababu amri imetoka ndani. Kwenye gesti, "ndani" ni mahali pa umma.

Mpaka hapo orodha ingeweza kuwa ya kawaida: badilisha nenosiri la rauta, funga mlango wa nje, endelea. Picha ya 5 ndiyo iliyoivuruga. Ilikuwa ya `DHCP`, ukurasa unaosema rauta inazigawia simu na kompyuta nini zinapoungana. Pamoja na anwani, rauta huvipa vifaa anwani ya DNS, yaani pa kuuliza "benki fulani iko wapi?" kabla ya kwenda. Kwa kawaida visanduku viwili vya DNS kwenye ukurasa huu huachwa bila kitu, na rauta hutumia vya kampuni ya intaneti. Hapa vilijazwa. Cha kwanza kilikuwa na anwani ngeni kabisa, na cha pili `8.8.8.8`, ambayo ni DNS ya Google.

Jozi ya namna hii inajulikana. Anayebadilisha DNS kwa ubaya huweka yake kwanza na ya kuaminika pili, ili ya kwake ikizimika intaneti isikatike na mwenye nyumba asishtuke. Wizi huu una historia ndefu. Mwaka 2012 Fabio Assolini wa Kaspersky alieleza jinsi modemu milioni 4.5 za Brazili zilivyobadilishwa DNS, watu wakapelekwa kwenye kurasa bandia, za benki zikiwemo. Mwaka mmoja kabla ya hapo FBI ilikuwa imewakamata watu wa genge la DNSChanger, ambalo programu yake iligusa kompyuta zipatazo milioni 4 na kujaribu pia kubadilisha rauta. Hata baada ya kukamatwa kwao, seva za muda ziliwekwa mahali pa zile mbovu hadi Julai 9, 2012, kwa kuwa kuzizima ghafla kungewakatia intaneti watu wote ambao vifaa vyao vilikuwa bado vinauliza huko.

Sikutaka kuhukumu kwa picha peke yake. Anwani ngeni inaweza kuwa ya fundi aliyeweka kichujio cha kurasa chafu kwa nia njema. Unaweza kuuliza seva zote mbili swali moja, ukitumia kompyuta iliyo kwenye mtandao mwingine:

```
nslookup example.com 198.51.100.53
nslookup example.com 8.8.8.8
```

Mahali pa `example.com` unaweka jina la tovuti ya benki, na mahali pa anwani ya mstari wa kwanza unaweka ile iliyoonekana kwenye picha. Majibu yakitofautiana, usipige kelele mapema, kwa sababu tovuti kubwa hutoa jibu tofauti kulingana na mahali unapoulizia. Angalia anwani iliyorudishwa imesajiliwa kwa nani. Yakilingana, usifurahi mapema pia, kwa kuwa seva ya uongo husema kweli kwa majina mengi na kudanganya kwa machache tu. Kwa shangazi, jina la benki aliyoitaja mgeni lilirudi na anwani ya kampuni ya kukodisha seva isiyohusiana na benki hiyo kwa namna yoyote. Na ile ilani ya "ukurasa si salama" ilikuwa simu ikifanya kazi yake: ilifika kwenye seva isiyo na cheti cha benki, ikakataa kunyamaza.

Kuanzia hapo orodha inabadilika aina. Kuna orodha ya kufunga milango, na kuna orodha ya nyumba ambayo mtu ameshaingia. Ukifuta DNS ile na kuendelea na mambo mengine, hujui alibadilisha nini tena. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa karatasi ya shangazi haukutoka kwenye ukurasa wowote wa picha. Ulisema: mwombe kila mgeni aliyefungua benki au barua pepe kwa waifai ya gesti, hasa aliyeipuuza ilani, abadilishe nenosiri lake kwa kutumia bando. Wa pili ulisema: rudisha rauta ilivyotoka kiwandani.

Umuhimu na mfuatano wa kazi ni vitu viwili tofauti. Kurudisha rauta kiwandani kunafuta pia jina na nenosiri ambalo rauta hutumia kuingia kwa kampuni ya intaneti, lile la `PPPoE`. Kwenye picha jina lilionekana, nenosiri lilikuwa vidoti. Kijana angebonyeza kitufe kile kabla ya kuwa na nenosiri hilo, gesti ingelala bila intaneti Ijumaa yenye wageni, na shangazi angeapa kutogusa rauta tena maishani. Basi juu ya yote nikaandika sifuri: pigia kampuni, omba jina na nenosiri la `PPPoE`, yaandike kwenye daftari.

Baada ya hapo kazi ilifuatana hivi. Kwa bando la simu, si kwa mtandao wa gesti ambao DNS yake inadanganya, pakua programu ya rauta kutoka kwa mtengenezaji. Angalia kibandiko cha chini ya rauta, maana modeli moja huwa na matoleo kadhaa ya kifaa, na programu ya toleo lisilo lake inaweza kuiua rauta. Chomoa waya unaotoka nje. Unganisha kompyuta ya mapokezi kwa kebo. Shikilia kitufe cha nyuma kama sekunde 10 mpaka taa zibadilike. Sakinisha programu upya hata kama ni toleo lilelile, kwa sababu kurudisha mipangilio ya kiwandani hufuta mipangilio tu, na programu iliyochezewa inaweza kubaki. Weka nenosiri jipya la rauta kabla hujachomeka waya wa nje, kwani rauta yenye admin na admin haipaswi kuiona intaneti hata dakika moja.

Kuna ushauri maarufu wa kuzima na kuwasha tu. Kwa Mirai ulisaidia kwa muda, kwa kuwa ilikaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, ingawa kifaa kilichobaki na nenosiri lilelile kingeweza kunaswa tena mara moja. Mei 2018 FBI iliwaomba watu wawashe upya rauta zao kwa sababu ya VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000, lakini sehemu yake ya kwanza ilivumilia kuzimwa. Ndiyo maana sikuwapa shangazi na kijana wake njia hiyo ya mkato.

Kosa moja zaidi nililoliandika kwa wino mwekundu: usirudishe faili la akiba la mipangilio ya zamani. Watu wengi hulitunza faili hilo kwa fahari, wanarudisha rauta kiwandani, kisha wanalipakia, na yote yanarudi, DNS ya mwizi ikiwemo. Hapo picha za skrini zinageuka kuwa na thamani kuliko faili. Zinakuonyesha kilichokuwepo, nawe unachagua kwa mkono kipi kirudi.

Na si vyote vilivyostahili kurudi. Picha ya 8, ya `Virtual Servers`, ilikuwa na mistari mitatu ya kupitisha watu wa nje hadi kwenye vifaa vya ndani. Mlango 8000 na mlango 554 ilielekea 192.168.1.64, mashine ya kurekodi kamera. Mlango 3389, wa kuendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali, ulielekea 192.168.1.20. Nilipouliza, ile kompyuta ilikuwa imekufa miaka miwili iliyopita. Lakini picha ya `DHCP Clients List` ilionyesha kwamba anwani 192.168.1.20 ilikuwa na mpangaji mpya: kompyuta ya mapokezi. Anwani ilikuwa haijafungwa kwa kifaa chochote, ikagawiwa tena, na mlango uliofunguliwa kwa ajili ya marehemu ukawa unaelekea kwenye daftari la wageni. Hakuna picha moja ambayo ingekuambia hilo. Lilijitokeza picha mbili zilipowekwa bega kwa bega.

Mstari wa 3389 haukurudi. Ile miwili ya kamera ilileta ubishi. Shangazi huangalia lango la gesti akiwa kwake, na hakutaka kuikosa ile picha. Nami nilijua mashine hizi zina rekodi mbaya. Mwaka 2021, kwa mfano, ilitangazwa kasoro kwenye vifaa vingi vya Hikvision iliyomwezesha mtu wa mbali kukitawala kifaa bila nenosiri, mradi akifikie tu. Tukakubaliana aangalie kupitia programu ya simu ya mtengenezaji wa kamera, ambayo haihitaji mlango wazi kwenye rauta. Hiyo nayo inampa mtengenezaji imani yako. Niliona ni nafuu kuliko kuipa dunia nzima.

`UPnP`, iliyokuwa `Enabled` kwenye picha ya 9, niliiweka mara baada ya hapo, kwa sababu huruhusu kifaa chochote cha ndani kufungua mlango wa nje bila kuomba nenosiri. Ukiwa umeifunga milango kwa mkono na kuiacha `UPnP`, mashine ya kamera inaweza kuifungua tena yenyewe. Anayelalamika ikizimwa kwa kawaida ni mcheza gemu, na gesti haina.

Sasa waifai, ambayo shangazi alidhani ndiyo mada yote. Picha ya 3 ilionyesha `WPS` ikiwa `Enabled`. Kasoro yake ilielezwa mwishoni mwa mwaka 2011 na Stefan Viehböck. Namba ya siri ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, kwa hiyo anayejaribu anahitaji majaribio 11,000 kwa wingi, si milioni 100. Orodha nyingi zingeipandisha juu kabisa. Mimi niliiteremsha chini ya jambo ambalo kwenye picha lilionekana si la hatari kabisa, `Guest Network` iliyozimwa.

Sababu ni kwamba `WPS` mwisho wake humpa mtu nenosiri la waifai, na nenosiri la waifai ya gesti limebandikwa kwenye kila mlango wa chumba. Mwizi angehangaika kwa saa kadhaa kupata kitu ambacho mgeni wa usiku mmoja anapewa pamoja na taulo. Tatizo halisi lilikuwa kwamba wageni, kompyuta ya mapokezi na mashine ya kamera walikaa kwenye mtandao mmoja. Kwa hiyo kwanza watenganishwe: wageni kwenye mtandao wao, na kisanduku cha `Allow Guest To Access My Local Network` kibaki bila alama. Wafanyakazi wapate mtandao wenye nenosiri lao, lisilobandikwa popote. Baada ya hapo tu ndipo kuna siri ya kulindwa, na `WPS` inakuwa na cha kuiba. Basi inazimwa siku hiyohiyo, mstari mmoja chini.

Picha ileile ilionyesha usimbaji wa `TKIP`. Ubadilishwe kuwa `WPA2` na `AES`. Huo ni usalama, lakini kwa shangazi niliuza kwa lugha nyingine: waifai inayotumia `TKIP` haivuki kasi ya megabiti 54 kwa sekunde, hata rauta ikiwa na uwezo zaidi. Kama kuna printa ya zamani itakayogoma kuungana, itajulikana siku ileile.

Kuna picha ya 10, `MAC Filtering`, iliyokuwa na anwani 4 zilizoandikwa kwa uangalifu. Aliyeziandika alifanya kazi ya mikono kwa bidii. Bahati mbaya anwani hizo husafiri hewani bila kufichwa, na yeyote anayesikiliza anaweza kuiga moja. Simu za siku hizi nazo hubadilisha ya kwao kwa kila mtandao, kwa hiyo kichujio huwasumbua wateja kuliko wezi. Sikuiandikia mstari. Vilevile sikuandika kuficha jina la waifai. Kila mstari usio na kazi kwenye karatasi unapunguza uwezekano wa mstari wenye kazi kufanywa.

Mstari mmoja mzima ulisomeka hivi, na mingine yote ilifuata mfano wake: "Fungua `Security`, kisha `Remote Management`. Kwenye picha kulikuwa na `255.255.255.255`. Hakikisha sasa ni `0.0.0.0`, kisha bonyeza `Save`. Hakuna kitakachoharibika. Kuhakiki: zima waifai kwenye simu, tumia bando, andika 203.0.113.27 kwenye kivinjari. Ukurasa wa rauta usitokee." Kuzima waifai si pambo. Ukijaribu ukiwa ndani, rauta nyingine hukurudishia ukurasa wake kupitia upande wa ndani, ukadhani bado iko wazi.

Pembeni ya kila mstari niliweka neno moja kati ya matatu: "nimeona", "nakisia", "sijaona". Picha haisemi kama aliyebadilisha alibonyeza `Save` kabla ya kuipiga. Haionyeshi kilichokatika chini ya skrini. Akaunti aliyonayo mteja inaweza kuficha kurasa ambazo kampuni ya intaneti pekee inaziona, mfano ule wa kampuni kuongoza rauta kwa mbali kupitia `TR-069`. Novemba 2016 njia ya namna hiyo, mlango 7547, ndiyo iliyotumiwa kushambulia rauta za wateja wa Deutsche Telekom, na wapatao 900,000 wakapata matatizo ya intaneti. Hilo haliwi mstari wa shangazi kwa kuwa hana pa kubonyeza. Likawa swali la kuulizia kwenye ile simu ya `PPPoE`.

Picha zenyewe nazo ni siri. Niligundua kwamba ya 2 ilikuwa na nenosiri la waifai na namba ya rauta, na alikuwa ameipitishia rangi ya kalamu ya kuangazia akidhani ameifuta. Rangi ya namna hiyo ni pazia jepesi. Ukiongeza mwanga wa picha herufi zinarudi. Nikamwomba afunike kwa kisanduku cheusi kizito, afunike manenosiri tu, aache anwani za DNS, na atume kama dokumenti ili WhatsApp isizibane tarakimu hadi 3 ifanane na 8.

Programu mpya ya rauta haikupatikana. Ile ya 2015 ndiyo ya mwisho kwa toleo lile la kifaa. Mstari wa mwisho wa karatasi ukawa kununua rauta nyingine mwezi huohuo. Ulikuwa mwisho kwa mfuatano. Kwa umuhimu ulikuwa wa tatu, maana milango iliyofungwa kwenye programu iliyoachwa hufungwa kwa imani tu.

Jumamosi alituma picha za pili. DNS ilikuwa tupu, `Virtual Servers` tupu, `WPS` imezimwa, jina la wageni na la wafanyakazi yametengana. Nikahesabu: zilikuwa 11 tena, kurasa zilezile. Nilikuwa nimeandika "sijaona" kando ya waifai ya 5 GHz tangu Jumatano, kwa sababu rauta ile hurusha mawimbi ya aina mbili na kila moja ina ukurasa wake, naye alinitumia mmoja. Nikamwomba ya 12.

Ikaja usiku. Jina la mtandao lilikuwa lile la kiwandani, na alama ya duara ilikaa kwenye `Disable Security`. Kuirudisha rauta kiwandani, kwa mstari wangu mwenyewe wa pili, kulikuwa kumeufungua mtandao wa wafanyakazi kwa barabara nzima kuanzia Alhamisi.

"Hii nayo ilikuwepo?" akaniuliza.

"Hii nimeileta mimi, shangazi. Bonyeza hapo panaposomeka `WPA2`."